Faili Limefunguka, Hesabu Je?

Mweka hazina wa chama anapotakiwa kuonyesha fedha za wanachama zilikoenda, jambo la kwanza siku hizi ni kuomba taarifa ya M-PESA. Anabonyeza *334# au anafungua programu ya simu, anachagua kipindi anachotaka, na baada ya muda faili la PDF linaingia kwenye barua pepe. Nenosiri la kulifungulia huja kando, kwa ujumbe mfupi kwenye simu yenye laini hiyo. Akiliandika nenosiri, kurasa zikatokea, wengi huona kazi imekwisha. Faili hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la chama, au kwa afisa wa mikopo, au kwa mhasibu, na hakuna aliyejumlisha hata mstari mmoja.

Nenosiri hufanya kazi moja tu, nayo ni kuwazuia wasiohusika wasisome. Halisemi lolote kuhusu kama kurasa zote zimo au kama tarakimu ni zile zilizotoka kwenye mitambo ya kampuni. Mtu akishalifungua faili anaweza kuhifadhi nakala isiyo na nenosiri, na nakala hiyo hubadilishwa kama hati nyingine yoyote. Hata kabla ya kufunguliwa, usimbaji wa PDF hauna kinga dhidi ya kuchezewa: mwaka 2019 watafiti wa vyuo vya Bochum na Münster nchini Ujerumani walionyesha kwamba faili lililosimbwa linaweza kutiwa mambo mengine ndani na mtu asiyejua nenosiri lake. Kwa hiyo tusitegemee kufuli. Tutegemee hesabu, kwa kuwa taarifa ya fedha ina sifa moja nzuri: ikiwa nzima, inajithibitisha yenyewe kwa kujumlisha na kutoa.

Kanuni ni nyepesi. Salio la mwanzo, ukiongeza fedha zote zilizoingia na kutoa zote zilizotoka, lazima liwe sawa na salio la mwisho. Isipungue shilingi, isizidi shilingi.

Kwenye taarifa ya M-PESA salio la mwanzo inabidi ulitafute. Ukurasa wa kwanza una jedwali la muhtasari linaloonyesha aina za miamala, kama vile kutuma, kupokea, kuweka na kutoa kwa wakala, pamoja na malipo ya Paybill na Buy Goods, kisha jumla ya kila safu. Chini yake kuna orodha kamili, yenye nambari ya risiti, saa, maelezo, hali ya muamala, kisha safu tatu zinazotuhusu: `Paid In`, `Withdrawn` na `Balance`. Orodha huanza na muamala wa karibuni kabisa na kushuka kwenda nyuma. Kwa hiyo salio la mwisho ni lile la mstari wa juu kabisa, na mstari wa chini kabisa, kwenye ukurasa wa mwisho, ndio muamala wa kwanza wa kipindi chako.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanachukua salio la mstari ule wa chini na kuliita salio la mwanzo. Salio hilo limeandikwa baada ya muamala kufanyika, kwa hiyo tayari limeshamhesabu. Inabidi urudi nyuma hatua moja: toa kilichoingia kwenye mstari huo, au ongeza kilichotoka.

Tuchukue mfano wa mwezi mmoja wa chama kidogo. Muamala wa kwanza wa mwezi ni shilingi 5,000 zilizopokelewa kutoka kwa mwanachama, na salio baada yake linasoma 6,240. Basi mwezi ulianza na 1,240. Mstari wa juu kabisa, wa siku ya mwisho, unasoma salio la 2,828. Mweka hazina amenakili orodha yote kutoka kwenye PDF hadi lahajedwali ya Excel, akajumlisha safu mbili, akapata zilizoingia 48,500 na zilizotoka 44,879. Anachukua 1,240, anaongeza 48,500, anatoa 44,879. Jibu ni 4,861, wakati taarifa yenyewe inasema 2,828. Kuna shilingi 2,033 zisizo na mwenyewe.

Asianze kupekua ukurasa baada ya ukurasa. Kwanza aitazame tofauti yenyewe, kwa sababu mara nyingi husema ilikotoka. Kiasi cha 2,033 kina mkia wa 33, na kutuma shilingi 2,000 kwa mtu mwingine wa M-PESA hutozwa shilingi 33. Taarifa huandika ada kwenye mstari wake wa pekee, yenye nambari ileile ya risiti na maelezo `Customer Transfer of Funds Charge`. Kwa hiyo kinachotafutwa ni mistari miwili, wa 2,000 na wa 33, iliyo kwenye PDF na haimo kwenye lahajedwali. Mara nyingi itakuwa pale ukurasa mmoja unapoisha na mwingine kuanza, ambapo kunakili huwa kunaruka mistari. Akiirudisha, zilizotoka zinakuwa 46,912, na 1,240 kujumlisha 48,500 kutoa 46,912 ni 2,828. Kisha anageukia jedwali la muhtasari kuona kama jumla zake nazo ni 48,500 na 46,912. Zikiwa hivyo, nakala yake ni kamili.

Tofauti nyingine zina sura zake. Ikiwa ni 33 peke yake, au 7, au 13, au 57, huenda mstari wa ada ndio ulioachwa. Ikiwa kuna muamala ambao kiasi chake ni nusu kamili ya tofauti, huenda muamala huo umeangukia safu isiyo yake, fedha iliyotoka ikahesabiwa kama iliyoingia. Ikiwa tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki, na tarakimu ziliandikwa kwa mkono, tafuta mahali ambapo mbili zimebadilishana nafasi: 5,400 ikiandikwa 4,500 huleta tofauti ya 900. Hii ni hila ya zamani ya watunza vitabu, nayo haijachakaa.

Kuna kosa moja linalowapotezea watu jioni nzima. Tarakimu zilizonakiliwa kutoka PDF wakati mwingine huingia kwenye lahajedwali kama maandishi. Kwa macho zinaonekana sawa, `2,000.00`, lakini zimeegemea kushoto mwa kisanduku, na amri ya kujumlisha huzipita bila kuonya. Ukiona jumla ni sifuri, au ndogo mno kuliko inavyoelekea, badilisha kwanza safu hizo ziwe nambari. Angalia pia alama ya kutoa. Kama nakala yako ina alama hiyo mbele ya kila kiasi kilichotoka, ukitoa tena utakuwa umeongeza.

Kama jumla zimegoma na tofauti haikuambii kitu, shuka mstari kwa mstari. Tuseme `Paid In` iko safu ya E, `Withdrawn` ya F na `Balance` ya G, na mistari ya miamala inaanzia wa pili. Andika hivi pembeni mwa mstari wa pili, kisha uvute hadi chini, ukiacha mstari wa mwisho kabisa kwa kuwa hauna mtangulizi:

```
=ROUND(G3+E2-F2-G2,2)
```

Maana yake ni kwamba salio la muamala uliotangulia, ukiongeza kilichoingia na kutoa kilichotoka, liwe sawa na salio jipya. Kila mstari ulio mzima utatoa 0. Ule usiotoa 0 ndio wenye shida, au kuna mwenzake aliyeruka kati yake na ule wa chini yake.

Usishtuke ukikuta mitatu iliyofuatana imegoma. Muamala na ada yake huwa na saa ileile mpaka sekunde, na zikibadilishana nafasi kwenye orodha, hesabu ya mistari hiyo na ya ule wa juu yake huvurugika. Jumlisha tofauti zote tatu pamoja na alama zake. Zikiwa sifuri, hakuna fedha iliyopotea, ni mpangilio tu. Rudisha ada juu ya muamala wake na sifuri zitarejea.

Hesabu ikifunga bado kuna swali la fedha hizo ni za nani. Mwenye laini akitumia Fuliza, kiasi anachoongezewa ili malipo yapite huandikwa kwenye safu ya zilizoingia, na kikilipwa huandikwa kwenye zilizotoka. Ulikuwa na 400 ukalipa 1,000: taarifa itaonyesha 600 zimeingia, na 600 hizo ni mkopo. Hesabu itafunga vizuri kabisa, lakini anayechukua jumla ya `Paid In` na kuiita mapato ya mwezi amejihesabia deni kama faida. Tafuta maelezo ya `OverDraft of Credit Party` uyaweke kando kabla ya kusema biashara imeingiza kiasi gani.

Ni lazima pia kusema hesabu hii isichoweza kukamata. Mistari miwili ya kiasi kimoja, mmoja wa kuingia na mwingine wa kutoka, ikifuatana na kuondolewa pamoja, salio la mwisho halitikisiki, na hata ukaguzi wa mstari kwa mstari utaonyesha sifuri. Vivyo hivyo ikiongezwa. Mghushi anayetaka kuonekana tajiri machoni pa mkopeshaji anaweza kupachika fedha nyingi ziingie na kutoka siku hiyohiyo. Akibadilisha kiasi kimoja tu atanaswa, kwa sababu itambidi abadilishe kila salio linalofuata hadi la mwisho, na jumla za muhtasari pia. Wavivu huacha mojawapo. Aliye mwangalifu atafanya yote hayo. Anayepokea taarifa kutoka kwa mtu mwingine asiishie kwenye hesabu. Chini ya taarifa kuna nambari ya uhakiki, `Statement Verification Code`, ambayo huthibitishwa kupitia *334#, na jibu lake linatoka kwa kampuni yenyewe.

Kwa taarifa zako mwenyewe kuna kipimo kingine kinachokuchukua dakika moja. Salio la mwisho la mwezi wa Mei lazima liwe salio la mwanzo la Juni. Panga mafaili yako kwa miezi na uunganishe salio hadi salio. Yasipokutana, basi tarehe ulizoomba zimeacha siku katikati, au umeomba siku moja mara mbili.

Faili la asili, lenye nenosiri lake, liache kama lilivyokuja na ufanyie kazi nakala. Usilipeleke kwenye tovuti zinazojitolea kufungua PDF bure, maana humo mna majina na nambari za simu za kila aliyekutumia fedha na uliyemtumia. Na kabla hujaliweka mbele ya wanachama, andika chini ya hesabu yako mistari minne: salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho. Kama hazifungi, mkutano usubiri.