Bomba la shaba likitoboka, nyumba isikauke

Baadhi ya nyumba za zamani za Makiso, zilizojengwa Kisangani ikingali inaitwa Stanleyville, zina mabomba magumu ya shaba yaliyoshikwa ukutani pande zote mbili. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano likitokea katikati, kukata ni rahisi. Kazi ni kuunga tena. Kiungo cha kawaida kina ukingo ndani, katikati yake, unaozuia bomba lisipite, kwa hiyo ili ukivike lazima bomba lirudi nyuma kwanza, na la ukutani halirudi. Kiungo cha kuteleza hakina ukingo huo. Unakisukuma chote juu ya bomba la zamani, unaweka kipande kipya kwenye pengo, kisha unakirudisha kikae juu ya mshono.

Tuseme bomba ni la milimita 15 na linavuja jikoni, chini ya bafu la ghorofani. Unakata sentimita 8 zenye tundu na kuandaa kipande kifupi kidogo kuliko pengo, milimita 2 hivi, ukitumia viungo viwili vya kuteleza, kimoja kila mwisho. Kwa kuwa hakuna ukingo wa kukwambia umefika, pima urefu wa kiungo, gawa kwa mbili, kisha weka alama ya penseli kwenye bomba la zamani umbali huo kutoka kwenye ncha. Safisha shaba kwa msasa mpaka nyuma ya alama, kwa urefu wa kiungo kizima, na uondoe makali yaliyoachwa na mkato. Punje moja ya rangi ya ukuta inatosha kukikwamisha.

Pima bomba kabla ya kwenda sokoni. Bidhaa za Kisangani huja kwa boti kutoka Kinshasa na kwa barabara kutoka upande wa Uganda, na vipimo vya Kifaransa vina bomba la milimita 16 pale ambapo vya Kiingereza vina 15. Kiungo cha 16 huingia kwa raha kwenye bomba la 15, na hapo ndipo kinapodanganya: solda hupanda yenyewe katika nafasi nyembamba sana, kama sehemu ya kumi ya milimita. Nafasi ya nusu milimita haiijazi vizuri.

Sasa maji. Funga koki iliyo baada ya kompta ya Regideso hata kama robine zimekauka, kwa maana mgawo unaweza kurudi wewe ukiwa umeshika moto mkononi. Kama kuna tanki juu, funga koki yake pia, wala usilimwage. Mita moja ya bomba hili hubeba chini ya desilita moja na nusu, hivyo mita 40 hazifikishi hata lita 6. Hasara kubwa ingekuwa tanki na hita.

Robine za ghorofani ziache zimefungwa. Hewa isipoingia juu, maji hayashuki, kama mrija uliozibwa kwa kidole, kwa sababu kani ya hewa ya nje inaweza kushikilia safu ya maji ya karibu mita 10. Mshiko huo si kamili. Tundu la ndani la bomba likiwa na upana wa chini ya sentimita 1, ngozi ya maji huzuia hewa isipenye. La bomba letu ni milimita 13 hivi, limepita mpaka kidogo. Ndiyo maana ukilikata hukohoa, humwaga kidogo, kisha hubaki likidondosha.

Matone hayo ndiyo adui. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, solda ya bati isiyo na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 220. Maadamu kuna maji ndani, moto wako unaishia kuyachemsha. Utajua kwa macho na masikio: bomba linafoka, na solda inakaa vipunje badala ya kutandaa. Zima moto, sukuma nyama ya mkate mweupe, bila ganda, ndani ya ncha inayodondosha, na ulehemu kabla haijalowa yote. Baadaye maji huusaga mkate. Utoe kwenye robine isiyo na kichujio, la sivyo utaziba.

Mvuke nao unahitaji njia. Ukifunga kila kitu, hewa iliyopata joto hutoboa solda ikiwa bado laini na kuacha tundu jipya. Fungua robine iliyo chini zaidi, kwa mfano ya uani. Hiyo hupitisha mvuke bila kuteremsha maji ya ghorofani. Paka dawa ya kulehemu, peleka moto kwenye kiungo, gusisha solda upande usio na moto, na ungoje ivutwe ndani mpaka mduara ung'ae pande zote. Linda ukuta kwa kitambaa chenye maji. Ikishindikana kukausha kabisa, nunua kiungo cha kuteleza cha kukazwa kwa spana. Kinagharimu zaidi, lakini unyevu haukisumbui.

Kikipoa, fungua koki polepole, kisha zungushia kila kiungo karatasi kavu ya chooni. Bomba la maji baridi linaweza kutoka jasho, nalo hulowesha karatasi kwa urefu mzima. Alama ya unyevu inayoanzia ukingoni mwa kiungo pekee ni uvujaji.