Je, Wajua? Filamu ya Picha Mnato Inayofumba na Kufumbua Macho

Je, wajua kwamba kuna filamu fupi ya takriban dakika 28 ambayo karibu yote ni picha za mnato? Inaitwa *La Jetée*, na ilitengenezwa na Mfaransa Chris Marker mwaka 1962. Katika hadithi yake, Paris imeteketea kwa vita, watu wanaishi chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anarushwa na wanasayansi katika wakati uliopita kwa sababu hajasahau uso wa mwanamke aliyemwona utotoni kwenye uwanja wa ndege wa Orly. Mwaka 1995 Terry Gilliam alikifanya kisa hicho kuwa chanzo cha filamu yake ndefu, *12 Monkeys*. Anayejifunza kuandika insha kuhusu uhariri hapati mwalimu bora kuliko Marker, kwa maana hapa waigizaji hawatembei wala hawageuki. Karibu mwendo wote unaouhisi umetoka mezani kwa mhariri.

Je, wajua kwamba hata picha isiyosogea hupita mbele ya taa ya projekta kwa kasi ileile ya filamu ya kawaida ya sauti, yaani fremu 24 kwa sekunde? Picha moja ikikaa mbele yako sekunde 5, ni fremu 120 zinazofanana. Kwa hiyo mwendo unaweza kupimwa. Chagua kipande cha dakika 2, hesabu picha, kisha gawanya sekunde 120 kwa idadi hiyo. Ukipata picha 24, wastani ni sekunde 5 kila moja. Fanya hivyo kwa kipande kingine, ulinganishe. Sentensi “mwendo wa filamu hii ni wa polepole” haimwambii msomaji lolote mpaka umwonyeshe ni polepole kuliko kipande kipi.

Wastani nao huficha mambo. Katika sehemu za majaribio chini ya ardhi, picha zimetulia, lakini sikioni kuna mapigo ya moyo na minong'ono ya Kijerumani. Jicho linasubiri huku sikio likikimbizwa, na hofu inazaliwa katika pengo hilo. Mwanafunzi akiandika tu kwamba “sehemu hii inatisha”, ametaja jinsi alivyoguswa bila kutaja kilichomgusa. Hali ya hisia huelezwa kwa kutaja vitu vinavyoijenga: mwanga hafifu, nyuso zilizopigwa kwa karibu, sauti, na muda ambao kila picha imeachwa ikae.

Je, wajua kwamba ndani ya dakika hizo zote kuna mahali pamoja tu ambapo picha inajongea kweli? Mwanamke amelala kitandani. Uso wake unaonekana katika picha moja baada ya nyingine, na kila picha inayeyukia katika inayofuata. Msimulizi amenyamaza. Kuna sauti ya ndege tu, ikizidi kupanda, na kadiri inavyopanda, miyeyuko inakaribiana zaidi hata tofauti ya picha na picha inakuwa ndogo sana. Kisha anafumbua macho, anatutazama, anapepesa. Ni sekunde chache mno, na wapo wanaozipita bila kugundua kilichotokea, kwa kuwa mhariri ameshalizoesha jicho kuona mwendo kabla mwendo wenyewe haujafika. Papo hapo tunakatiwa kwenye uso wa mkuu wa majaribio, na ndege hawasikiki tena.

Hapo ndipo tofauti kati ya myeyuko na mkato inapopata maana. Myeyuko umeunganisha pumzi za mwanamke; mkato umemnyang'anya mfungwa ndoto yake. Katika insha ningeandika hivi: “Miyeyuko inayozidi kukaribiana, pamoja na kunyamaza kwa msimulizi, inajenga ukaribu wa mapenzi, lakini mkato mkavu kwenye uso wa mkuu wa majaribio unauvunja ukaribu huo na kuturudisha kifungoni.” Sentensi hiyo imetaja mbinu, imetaja mahali, imetaja athari. Ikikosa kimojawapo, hurudi kuwa usimulizi wa hadithi, na hilo ndilo kosa linalomaliza kurasa nyingi za insha za filamu.

Tahadhari moja katika kuhesabu: picha zinapoyeyukiana, mpaka wake hauonekani. Amua mapema kwamba utahesabu kuanzia katikati ya kila myeyuko, useme hivyo kwenye insha, na usibadilishe kanuni katikati ya kazi.

Kisha jaribu kuhesabu kwenye mwisho wa filamu, pale mfungwa anapokimbia Orly kumfuata mwanamke. Mbio hizo hazina hata hatua moja inayojongea. Ni mikao ya mwili ulionaswa katikati ya hatua, iliyounganishwa kwa mikato ya haraka, na bado mtazamaji hutoka akiapa kwamba amemwona akikimbia.