Sabufa inavuma ukiiunganisha na runinga: tafuta mzunguko wa athi

Swali hili hutufikia mara kwa mara: runinga ikitumia spika zake yenyewe iko kimya, lakini ukiiunganisha na sabufa au amplifaya, unaanza mvumo mzito usiokatika hata mtangazaji akinyamaza. Wengi hukimbilia kubadilisha spika, na mvumo unabaki palepale.

Kwanza sikiliza ni mlio gani. Ukikwaruza au kukatakata, hasa simu inapoita karibu au chaja fulani ikichomekwa, chanzo ni kifaa cha jirani. Kisogeze mbali na waya wa sauti. Leo tunazungumzia ule mvumo wa chini, kama wa transfoma ya mtaani. Huo ni umeme wenyewe wa nyumbani, unaobadili mwelekeo kwa hezi 50, umeingia kwenye njia ya sauti.

Umeingiaje? Tuchukue banda la kuonyesha mpira. Amplifaya ina plagi ya pini tatu, kwa hiyo bodi yake ya chuma imeungwa na athi ya jengo. Runinga na king'amuzi vina plagi za pini mbili, havina athi. Lakini king'amuzi kimeungwa na waya wa dishi, na dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa nje. Hapo tayari kuna athi mbili: moja ya soketi, nyingine ya nguzo. Athi mbili zilizo mbali hazilingani sawasawa, huwa na tofauti ndogo ya volti. Ukichomeka waya wa sauti kutoka runinga kwenda amplifaya, umezifunga pamoja. Umeme kidogo unaanza kupita kwenye ule wavu wa nje wa waya wa sauti, na wavu huohuo ndio njia ya kurudia ya sauti. Amplifaya haiwezi kutofautisha, inakuza vyote viwili. Hali hii ndiyo mafundi huita mzunguko wa athi.

Kuuthibitisha hakuhitaji kipimo. Punguza sauti, kisha chomoa waya wa sauti upande wa amplifaya. Tunasisitiza upande huo, kwa sababu ukichomoa upande wa runinga, waya unaoning'inia utanasa umeme kama antena na utavuma kwa sababu nyingine kabisa. Sasa rudisha sauti ilipokuwa. Amplifaya ikiendelea kuvuma bila waya wowote, tatizo ni lake, mara nyingi kapasita za kuchuja umeme zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikinyamaza, rudisha waya, zima king'amuzi na kukichomoa kwenye umeme, halafu fungua waya wa dishi. Mvumo ukikatika unapoufungua tu, umempata mhusika: mzunguko unapitia kwenye dishi. Usifanye jaribio hili wakati wa mvua na radi.

Hapa ndipo watu hufanya jambo la hatari. Wanakata pini ya athi kwenye plagi ya amplifaya, na kweli mvumo unakwisha. Lakini siku waya wa moto ndani ya amplifaya ukigusa bodi, umeme hautakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kupitia waya wa sauti, runinga, na mkono wa atakayegusa. Pini hiyo iacheni ilipo.

Dawa iko upande wa sauti. Kama runinga ina tundu lililoandikwa OPTICAL na amplifaya pia inalo, tumia waya wa mwanga. Ndani yake hamna shaba, hivyo umeme hauna njia. Blutuzi nayo hukata mzunguko, ila sauti inaweza kuchelewa, na kwenye mpira unaona goli kabla ya kusikia kelele. Ikiwa mna matundu ya kawaida tu, mekundu na meupe, ulizieni kifaa kidogo cha kutenganisha athi chenye transfoma ndogo za sauti ndani. Sauti hupita kwa sumaku, waya hazigusani. Vile vya bei rahisi sana hupunguza besi, basi kijaribuni dukani kwanza.

Kuna wanaouziwa kitenganishi cha kuweka kwenye waya wa antena. Kwa antena ya kawaida kinaweza kufaa, lakini kwa dishi angalieni. Waya ule hupeleka pia umeme wa volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, na vitenganishi vingi huuzuia, hivyo mvumo unaondoka pamoja na picha.

Na kama kufungua waya wa dishi hakukubadilisha kitu, endelea kuchomoa kimoja kimoja kila kilichoungwa na runinga. Kompyuta mpakato yenye chaja ya pini tatu ndiyo tungeianza, maana nayo huleta athi yake.