Risiti Huumbuana

Mwanafunzi anapotakiwa kumwandikia mfadhili barua ya matumizi, mara nyingi huanza na shukrani za nusu ukurasa, akasimulia muhula ulivyokwenda, kisha akabana rundo la risiti nyuma ya barua. Anayeipokea hajui aanzie wapi. Mezani kwake ana karatasi moja tu ya kulinganishia, nayo ni bajeti aliyoiidhinisha. Barua inayomfaa hufuata kasma za bajeti hiyo kwa mpangilio uleule na majina yaleyale. Kama bajeti ilisema "vifaa vya masomo", barua isije na "mahitaji ya chuo".

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uuguzi aliyeko Dodoma. Aliidhinishiwa shilingi 3,200,000: ada 1,500,000, hosteli 400,000, chakula 900,000, vifaa 250,000 na nauli 150,000. Kabla ya kuandika neno lolote, anazigawa risiti kwenye bahasha tano, kila kasma na yake, anazipa namba na kujumlisha.

Ada na hosteli hazina maneno mengi. Zililipwa benki, stakabadhi zipo, na kiasi ni kilekile kilichoidhinishwa. Sentensi moja inatosha kwa zote mbili.

Kazi iko kwenye chakula. Mama ntilie hatoi risiti, na mfadhili mwenye busara hatazidai. Ndiyo maana bajeti hii ilipangwa kwa posho: shilingi 5,000 kwa siku, kwa siku 180. Kishawishi ni kuandika "chakula 900,000" na kusonga mbele, maana nani atajua? Tiketi ya basi itajua. Katika bahasha ya nauli kuna tiketi ya kwenda nyumbani na ya kurudi, na tarehe zake zinaonyesha kwamba kwa siku 9 katikati ya muhula hakuwepo chuoni. Mkaguzi mzoefu haangalii kiasi peke yake. Huzipanga tarehe za risiti zote na kuona kama zinakubaliana. Hapo ndipo risiti huumbuana. Mwanafunzi wetu ameliona hilo mapema, akaandika: "Posho ya chakula imehesabiwa kwa siku 171, kwa kuwa siku 9 nilikuwa nyumbani kwa ruhusa ya chuo (kiambatisho namba 14). Jumla ni shilingi 855,000."

Kwenye vifaa ametumia 310,000, yaani amezidisha 60,000. Wengi hapa hujaribu kuificha ziada kwa kuihamishia kasma nyingine, na hilo ni kosa kubwa kuliko ziada yenyewe. Fedha ya kasma moja haihamishiwi nyingine bila ridhaa ya mfadhili, na ridhaa huombwa kabla ya kununua, hata kwa ujumbe mfupi wa simu unaoweza kuambatishwa. Kama hakuomba, barua iseme hivyo bila kuzunguka: "Chuo kilitutaka kila mmoja awe na kipimo chake cha presha kabla ya kwenda wodini. Nilikinunua kwa shilingi 85,000 bila kuomba kibali kwanza. Tangazo la chuo na risiti vimeambatishwa." Kinachoshawishi hapo ni tangazo. Risiti inathibitisha kwamba kipimo kilinunuliwa; haithibitishi kwamba kilihitajika.

Risiti zenyewe nazo zina tabia zake. Ile ya mashine ya EFD ina msimbo wa uhakiki ambao mtu yeyote anaweza kuukagua kwenye tovuti ya TRA, lakini karatasi yake hufifia. Ukiiacha miezi michache kwenye pochi unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo itoe kivuli mapema. Ya fundi aliyeshona sare za wodi ni ya mkono. Inakubalika ikiwa na jina lake, simu, tarehe, kitu kilichoshonwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi. Ikikosa tarehe, usiijazie mwenyewe. Mrudie fundi, kwa sababu wino na mwandiko tofauti hutia shaka hata pale ambapo fedha ilitumika kihalali.

Nauli ilikuwa 120,000. Jumla ya matumizi basi ni 3,185,000, na bakaa ni 15,000. Bakaa ndogo kama hiyo watu huona haya kuitaja, au hutafuta risiti ya kuimalizia ili hesabu ifunge sawasawa. Mimi hesabu inayofunga hadi shilingi ya mwisho ndiyo hunifanya nirudie kuisoma. Barua itaje bakaa, iseme ilipo, na iombe maelekezo: irudishwe, au iingizwe kwenye nauli ya muhula ujao? Baada ya hapo ni shukrani, kwa mistari miwili, sahihi, na orodha ya viambatisho kwa namba. Vivuli vinakwenda kwa mfadhili. Risiti halisi zinabaki kwa mwanafunzi, isipokuwa mkataba wa ufadhili umesema vinginevyo.