Pauni 1,000 kwenye salio, 250 mkononi

Mwaka 2023 wauzaji wengi wadogo wa Uingereza waliofungua maduka kwenye soko la mtandaoni la Etsy walikuta pesa zao zimeshikiliwa. Kwa baadhi yao asilimia 75 ya mauzo iliwekwa kando kama akiba, kwa hadi siku 45. Tuseme mfinyanzi ameuza vikombe vya pauni 1,000: anapata 250, na humo humo alipie udongo, maboksi na stempu za oda zilizokwisha lipiwa na wateja. Anafadhili biashara ambayo faida yake hajaiona.

Soko lina sababu yake. Mteja aliyelipa kwa kadi anaweza kudai kurudishiwa pesa kupitia benki, mara nyingi hadi siku 120 baadaye, na muuzaji akishatoweka deni hubaki kwa soko. Kwa hiyo mitambo humtilia shaka muuzaji mgeni, aliyeuza ghafla kuliko kawaida, au asiyeweka namba ya kufuatilia kifurushi. Hapo ndipo wanaouza vitu vidogo huumia. Herini hutumwa kwa barua ya kawaida isiyo na namba, maana posta yenye namba ingekula faida yote.

Kinachokera ni ujumbe wenyewe: “akaunti yako inafanyiwa mapitio,” basi. Ukijibu kwa hasira, utarudishiwa maneno yale yale. Dai linalosomeka ni fupi na lina hesabu ndani yake. Mfinyanzi wetu angeandika hivi:

“Mmeshikilia pauni 750 za oda 20. Oda 16 zimeshafika. Namba za kufuatilia nimeziambatisha. Oda 4 zilikwenda kwa barua ya kawaida. Risiti za posta hizi hapa. Naomba mnieleze ni kifungu gani cha mkataba mmetumia, na pesa zitatoka tarehe gani. Wakati mkiangalia hizo 4, naomba mziachie za zile 16.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Mtumishi wa soko huogopa kuachia kiasi chote, lakini oda iliyothibitishwa kufika haimpi kisingizio.

Kwenye Umoja wa Ulaya kuna kifungu cha kushika. Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayoyabana masoko kwa ujumla tangu 17 Februari 2024, inataka soko likizuia malipo kwa madai kwamba muuzaji amevunja masharti, limpe sababu zinazoeleweka. Haiwabani, hata hivyo, wanaoshikilia pesa kama dhamana ya kawaida iliyoandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana swali la kifungu linatangulia: jibu lake linaonyesha uko upande gani.

Na kabla ya kutuma, piga picha ya ukurasa wa salio ukiwa na tarehe. Oda zikiongezeka, tarakimu hubadilika, na wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka ile 750 ilikuwa ya oda zipi.