Kusoma kronogramu: tazama kushoto kwa mstari

Wengi wetu tunapoteza pointi kwenye kronogramu kwa kosa moja tu. Tufuate mfano mmoja polepole.

Tuchukue sirkiti yenye baskili mbili, A na B, kama zile mbili zinazokaa ndani ya 74HC74. Kila baskili inatunza 0 ao 1 kwenye mlango wake wa kutokea, Q. Mlango wa kuingilia unaitwa D. Saa inapopanda toka 0 kwenda 1, Q inachukua kilichokuwa kwenye D. Saa ikishuka, ao ikitulia, Q haibadiliki hata D icheze namna gani.

Tuunganishe hivi: D ya B inapokea QA. D ya A inapokea kinyume cha QB. Tunaanza zote zikiwa 0.

Kamata rula, piga mstari wa kusimama kila fasi saa inapopanda. Kushuka tuache. Kwenye kila mstari soma kwanza thamani za kushoto, ni kusema zile za mbele ya saa kupanda, kisha andika mpya kwa kuume.

Mstari wa 1: kushoto QA ni 0, QB ni 0. Basi A inachukua kinyume cha 0, ni 1. B inachukua QA ya zamani, ni 0.

Hapa njo kosa linaingia. Mtu ameisha kuandika QA = 1, anaipa B hiyo 1 palepale. Hapana! QA mpya inatokea nanosekunde chache nyuma ya saa kupanda, na B imeisha kuchukua yake. Ni kama wanafunzi katika mstari: kengele ikilia, kila mmoja anampa jirani daftari alilokuwa nalo mbele ya kengele, hapana lile analopokea sasa.

Tukiendelea vile mpaka mstari wa 4 tunapata:

```
mstari    1  2  3  4
QA     0  1  1  0  0
QB     0  0  1  1  0
```

Hali ni nne: 00, 10, 11, 01, kisha tunarudi 00. Angalia: kila mara baskili moja tu inabadilika. Mwenye kosa ataandika 00, 11, 00, 11. Ukiona katika sirkiti hii zote mbili zinaruka pamoja, ujue umesoma kuume. Rudia.

Neno moja tena. D inapaswa kutulia kidogo mbele ya saa kupanda. Kama mtu anafinya kitufe na D inabadilika wakati uleule saa inapopanda, Q inaweza kuwa 0 ao 1, na rula haiwezi kutuambia. Kwenye mtihani, D ikibadilika katikati ya mistari miwili, usiogope: ngojea mstari unaofuata.