Mkoba Unapokaguliwa kwa Picha

Mitandao inayouza mikoba ya mitumba ya Louis Vuitton humtaka muuzaji apige picha za karibu: mshono, zipu, na mahali pa ndani palipogongwa herufi mbili na tarakimu nne. Kwa mikoba iliyotengenezwa kuanzia 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. Hivyo 2130 ni wiki ya 23 ya 2010. Ikiandikwa 6171, hiyo ni wiki ya 67, na mwaka hauna wiki kama hiyo. Mkaguzi anaukataa.

Namba sahihi nayo haitoshi, maana mwenye kughushi huinakili tu. Tangu 2021 kampuni iliacha namba ikaweka chipu ndani, ambayo picha haiioni. Wala picha haibebi uzito au harufu ya gundi.

Linaloniudhi zaidi ni muuzaji kupiga picha mkoba halisi, kisha akatuma bandia. Hapo mkaguzi hana kosa. Mkoba aliouona sio uliosafirishwa. Hifadhi picha za tangazo, na mzigo ukifika linganisha mikwaruzo ya ngozi na pale maua yanapokatwa na mshono, kabla muda wa kurudisha haujaisha.